Kwa nini kiwi peke yake hairudishi weusi wa kiatu kilichochubuka

Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari na huenda kazini kwa pikipiki. Mguu wa kushoto ndio unaobadilisha gia, na kila anapopandisha gia huingiza ncha ya kiatu chini ya kanyagio na kulinyanyua. Baada ya miezi kadhaa ya kunyanyua hivyo, kanyagio lilikuwa limekula weusi wa kiatu cha kushoto na kuacha doa la kijivu lenye ukubwa wa kifuniko cha soda, ilhali kiatu cha kulia kilikuwa bado kizima. Kila alfajiri alipaka kiwi, akapiga brashi, akatoka nyumbani na viatu viwili vinavyofanana. Kufikia kipindi cha tatu doa lilikuwa limerudi mahali pake.

“Kiwi za siku hizi zimechakachuliwa, jirani,” aliniambia.

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi: kwa wazazi wanaotoa viatu vya shule kabatini mwezi Januari, kwa maofisa wanaojiandaa kwa usaili, hata kwa watu waliokaa kwenye benchi la fundi viatu wakisubiri zamu yao. Nilikiangalia kikopo cha mwalimu. Kiwi ilikuwa nzima, laini, haijakauka wala kupasuka, ila ilikuwa ikitumwa kazi ambayo haikutengenezwa kuifanya. Ili kulielewa jambo hili inabidi kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo mazungumzo yetu ya kila siku yamevitia ndani ya jina moja.

Jina lenyewe lina historia yake. Kiwi ni chapa iliyoanzishwa na William Ramsay mjini Melbourne, Australia, mwaka 1906, naye aliipa jina la ndege asiyeruka wa Nyuzilandi. Bidhaa hiyo ilienea duniani pamoja na majeshi na buti zao, na huku kwetu ilizoeleka kiasi kwamba neno likaacha kuwa jina la bidhaa moja, likawa jina la kila kinachopakwa kiatu. Ndiyo maana mtu akienda dukani akasema “nipe kiwi nyeusi”, anaweza kupewa nta ya kikopo, krimu ya tyubu au ile ya maji yenye sifongo mdomoni, naye akarudi nyumbani akidhani vyote vinafanya kazi ileile.

Katika makala haya nitaita kiwi ile nta ya kikopo tu. Sehemu kubwa yake ni nta ngumu zilizolainishwa kwa kiyeyushi kinachoruka hewani, na ndani yake mna rangi kidogo sana. Kazi yake ni kung'aa na kuzuia maji. Krimu ni laini zaidi. Ina nta kiasi, mafuta ya kulainisha ngozi, na chembechembe nyingi za rangi ambazo hukaa juu ya ngozi na kujaza mikwaruzo midogo. Cha tatu ni rangi ya ngozi yenyewe, majimaji membamba kama wino yaliyoyeyushwa kwa spiriti, ambayo hayakai juu bali huzama ndani ya nyuzi za ngozi na kuzitia weusi. Hiyo nitaiita rangi ya kupenya. Rangi huingia ndani, krimu hukaa usoni, kiwi hufunika juu ya vyote viwili. Kinachoharibu kazi za watu wengi ni kuruka hatua ya kwanza, au kuupindua mpangilio.

Doa la kijivu limetoka wapi

Watu husema kiatu “kimepauka”, kana kwamba weusi umeyeyuka kama rangi ya kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Kupauka kwa jua kupo, na huonekana kama weusi unaoelekea hudhurungi au kijani juu ya kiatu kizima. Doa la mwalimu halikuwa hivyo. Lilikuwa na mipaka, na ukipitisha kidole juu yake ulihisi ukavu na vijinyuzi, wakati pembeni ngozi ilikuwa laini. Hapo weusi haukufifia, bali uliondolewa pamoja na tabaka la ngozi lililoubeba.

Fikiria chungwa. Rangi yote ya chungwa iko kwenye ngozi nyembamba ya nje, na ukilikwangua kidogo tu kwa kucha unakutana na weupe. Ngozi nyingi za viatu ziko hivyo. Sehemu kubwa ya ngozi duniani hulainishwa viwandani kwa chumvi za kromiamu, na ikitoka kwenye maji hayo huwa na rangi ya samawati iliyopauka. Weusi huongezwa baadaye. Kwenye ngozi ya bei kubwa huenda ukapenya mpaka upande wa pili. Kwenye ngozi nyingi za kawaida huishia karibu na uso, kisha juu yake hupuliziwa utando mwembamba wa rangi na wa kukinga. Kikwaruzo kikishapita utando huo, unachokiona ni ile samawati ya kijivu ya asili. Ngozi zilizolainishwa kwa magome ya miti, kama miwati inayolimwa Njombe, zikichubuka huonyesha hudhurungi badala ya kijivu, lakini sababu ni moja.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalowapotosha watu zaidi. Barabara ya vumbi ikinyeshewa mvua huonekana nyeusi kuliko ilivyokuwa, na ikikauka hurudia rangi yake. Hakuna aliyeipaka rangi. Uso mkavu wenye vijinyuzi na vishimo hutawanya mwanga kila upande, na jicho linauona kuwa mweupe-mweupe. Ukiulowesha, majimaji hujaza vishimo, mwanga hautawanyiki tena, na uso unaonekana umekolea. Kiatu kilichochubuka hufanya hivyohivyo. Ukikipaka maji, mafuta ya kula, mafuta ya mgando au kiwi laini, doa hutoweka mbele ya macho yako, nawe unaamini umelitibu. Majimaji yakiruka au mafuta yakizama ndani, vishimo vinabaki wazi na doa linarudi. Kwa mwalimu, joto la injini karibu na mguu na upepo wa njiani vilitosha kuharakisha hilo kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chukua tone la maji na uliweke juu ya doa, kisha utazame kwa muda wa dakika 1. Tone likibaki limesimama kama umande kwenye jani la mgomba na doa halikubadilika, utando wa juu haujavunjika. Kilichoharibika ni nta tu, na krimu pamoja na brashi vitatosha. Tone likizama na doa likageuka jeusi kwa muda, utando umekwisha na nyuzi ziko wazi. Hapo rangi ya kupenya inahitajika, na habari njema ni kwamba ngozi iko tayari kuinywa. Lakini ukiona ngozi imekatika, ina ulimi unaonyanyuka au shimo linaloweza kushika ncha ya kucha, rangi itautia weusi mkato huo bila kuujaza. Ulimi huo hugandishwa kwanza kwa gundi kidogo, na shimo hujazwa na fundi mwenye dawa ya kujazia ngozi. Ni uongo kumwambia mtu kwamba krimu itaziba shimo.

Jaribio hilo la tone lina faida nyingine: huanza kukuonya kama kitu ulicho nacho si ngozi. Ngozi bandia ni kitambaa kilichofunikwa kwa utando wa plastiki. Ikichakaa haiwi na vijinyuzi, bali hubanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wenye unyevu, na chini yake unaona kitambaa kilichofumwa. Viatu vingi vya shule na mikoba mingi sokoni ni ya namna hii, na sioni aibu yoyote ndani yake, ila rangi ya kupenya haina mahali pa kupenya. Itakaa juu, itakuwa na ulimbo, itatia weusi soksi na mikono. Ikiwa kitambaa kinaonekana, acha. Ngozi ile inayong'aa kama kioo, na ile ya manyoyamanyoya inayofanana na mahameli, nazo hazihusiki na maelezo yanayofuata. Zina njia zake.

Siku tatu za kiatu kimoja

Nilimwomba mwalimu viatu vyake siku ya Ijumaa jioni, avikute Jumapili usiku. Alishangaa kwamba kazi ya doa dogo ichukue siku mbili na ushee. Kazi ya mikono ndani ya siku hizo haikuzidi saa moja na nusu. Muda uliobaki wote ni wa kungoja, na kungoja huko hakuna kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Ijumaa nilitoa kamba, nikapiga brashi kavu kuondoa vumbi hasa kwenye mshono wa soli, kisha nikapangusa viatu vyote viwili kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni laini kidogo. Kitambaa kiwe na unyevu, kisichuruzike. Nikajaza magazeti ndani ili viatu visijikunje, nikaviweka kivulini mahali penye hewa mpaka asubuhi. Wengi huvianika juani au huvisogeza karibu na jiko ili vikauke haraka. Joto hilo huondoa maji pamoja na mafuta yaliyowekwa kiwandani kulainisha nyuzi, na ngozi iliyopoteza mafuta hayo hupasuka pale inapokunjwa, mahali vidole vinapopindia. Ufa wa namna hiyo hauponi. Rangi huuficha kwa siku chache, kisha kiatu kikikunjwa unafunguka tena.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya kuondoa kiwi ya zamani. Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa, kwa sababu mtu humwaga rangi juu ya nta ya miezi sita. Ni sawa na kupaka kuta rangi ya maji juu ya mafuta ya kupikia: haishiki. Nililowesha pamba kwa spiriti, nikasugua doa na eneo lote linalolizunguka mpaka kwenye mshono wa karibu. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi tii, ya pili kijivu, ya nne karibu nyeupe. Nilipoona ngozi imekuwa butu, haing'ai hata kidogo, nilijua nta imeondoka. Wapo wanaotumia asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ni kali zaidi, hula utando wa kiwandani pamoja na nta, kwa hiyo itumike kidogo na pale tu spiriti iliposhindwa. Vyote viwili hushika moto haraka; madirisha yawe wazi na pasiwe na jiko wala sigara karibu.

Doa likiwa limekauka, vijinyuzi vilikuwa vimesimama kama ndevu za siku mbili. Nilichukua kipande cha msasa namba 600 chenye ukubwa wa stempu, nikasugua polepole kwa mizunguko midogo bila kukandamiza, kisha nikamalizia na namba 1000. Lengo ni kulaza nyuzi na kuulainisha ukingo kati ya doa na ngozi nzima, ili kidole kikipita kisihisi ngazi. Usichimbe. Dakika 2 zinatosha, na vumbi lake lifutwe lote.

Ndipo ikaja rangi. Nilivaa glavu, kwa maana rangi hii ikishika ukucha hukaa wiki nzima, nikatandika magazeti na kufunika ukingo wa soli kwa utepe. Kwenye ngozi inayoweza kuonekana na wote, huwa najaribu kwanza tone moja kwenye ulimi wa kiatu, chini ya kamba, nione weusi wake. Nyeusi si moja: nyingine huelekea bluu, nyingine hudhurungi, na tofauti hiyo huonekana viatu vikiwekwa pamoja kwenye mwanga wa jua.

Kosa la wengi ni kupaka doa peke yake, kama mtu anayebandika plasta. Rangi ikikauka huacha ukingo, na ukingo huo ndio jicho linaouona. Nilianzia katikati ya doa, pale penye kiu zaidi, nikaenda nje kwa mizunguko ya haraka mpaka kwenye mshono, kwa sababu mshono ni mpaka wa asili ambao macho hayaulizi kwa nini rangi inaishia hapo. Kiatu cha kulia nacho kikapakwa sehemu ileile, ijapokuwa hakikuwa na doa, ili viwili hivyo vilingane. Rangi iliyotumika kwa viatu vyote ilikuwa kama kijiko kimoja cha chai. Tabaka liwe jembamba. Nilingoja dakika 30, nikapaka la pili nikivuka mwelekeo wa lile la kwanza, nikangoja tena, kisha tabaka la tatu likaenda juu ya doa tu. Nikaviacha mpaka Jumapili.

Ni vyema kueleza viatu vilivyokuwa asubuhi hiyo, maana watu wengi hukata tamaa hapa. Vilikuwa vikavu kama karatasi, vigumu kukunja, na juu ya weusi palikuwa na mng'ao wa ajabu, kama shaba iliyochanganyika na kijani, ule unaouona kwenye mgongo wa mbawakawa. Rangi haikuharibika. Mng'ao huo ni rangi iliyozidi. Nyuzi zimeshakunywa zilichoweza, na kilichobaki kimekauka juu kama unga. Kisipoondolewa kitaondoka chenyewe kwenye pindo la suruali. Nilichukua fulana kuukuu ya pamba na kusugua kwa nguvu, nikigeuza upande kila kitambaa kilipokuwa cheusi, mpaka upande wa sita ulipotoka na kivuli tu cha kijivu. Mng'ao wa shaba ulikuwa umekwisha, na doa halikuonekana, ingawa kiatu kizima kilikuwa butu kama ubao wa shule. Ubutu huo ndio nilioutaka.

Krimu, na kwa nini kusugua ni nusu ya kazi

Spiriti iliyobeba rangi imeruka, na katika kuruka imechukua sehemu ya mafuta ya ngozi. Kwa hiyo kitu cha kwanza baada ya rangi ni kurudisha mafuta: mafuta ya kulainishia ngozi, kiasi cha punje ya mahindi kwa kila kiatu, yapakwe kwa vidole au kitambaa na kuachwa saa moja. Mafuta ya kula hayafai hapa, japo yanapendekezwa sana mitaani. Huzama bila mpangilio, huacha mabaka, na baada ya muda huoza na kunuka. Isitoshe, ngozi iliyonyonya mafuta ya kula haikubali tena rangi wala krimu siku nyingine.

Kisha krimu nyeusi. Punje moja ya kunde inatosha kiatu kizima. Ukiona imebaki kama siagi juu ya mkate umeshazidisha, na ukizidisha itajikusanya kwenye mikunjo na kupasuka. Nilipaka kwa kitambaa kilichozungushwa kidoleni, kwa mizunguko midogo, nikikaa zaidi juu ya lile eneo lililopigwa msasa, kwa sababu chembechembe za krimu ndizo zinazojaza mistari myembamba iliyoachwa na msasa. Nikaacha dakika 15. Wakati huo maji au kiyeyushi kilichomo kinaruka, na kinachobaki usoni ni nta na rangi.

Sasa brashi. Brashi ya manyoya ya farasi ndiyo bora, kwa kuwa ni laini ya kutosha kutokwaruza na ngumu ya kutosha kufanya kazi. Ile ya plastiki ngumu huchora mistari juu ya krimu ambayo haijashika. Kusugua huku si pambo la mwisho. Msuguano huleta joto dogo, joto hulainisha nta, nta iliyolainika hutandazwa na nywele za brashi ikaingia kwenye vishimo na kulala sawasawa. Kumbuka barabara ya vumbi: weusi unaoonekana hutegemea uso ulivyo laini sawa na unavyotegemea rangi iliyomo. Ndiyo maana viatu viwili vilivyopakwa krimu ileile, kimoja kikasuguliwa dakika 1 na kingine dakika 4, huonekana kama vimepakwa rangi mbili tofauti. Piga brashi kwa mikono miepesi na kwa kasi, kushoto na kulia, mpaka uhisi brashi imeacha kukwama na imeanza kuteleza. Badiliko hilo la hisia mkononi ndilo saa yako. Nilirudia krimu na brashi mara ya pili, nikingoja saa 1 katikati.

Kiwi ilikuja mwisho kabisa, kidogo sana, kwenye ncha na kisigino peke yake. Sehemu inayokunjwa haipakwi kiwi nyingi kwa kuwa nta ngumu haipindi. Hukatika na kuacha mistari myeupe. Nilimalizia kwa kipande cha soksi ya naili.

Kabla ya kuvifunga nilichukua kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo na kukipitisha mara kumi juu ya lile doa la zamani. Kilitoka na kivuli hafifu. Hilo ni sawa. Kama kingetoka na mstari mweusi, ningejua rangi iliyozidi bado ipo chini, na ningerudi kwenye fulana kuukuu badala ya kuongeza krimu ili kuificha.

Njia za mkato ambazo nimeziona

Kiwi ya maji yenye sifongo ina heshima yake kwa mtu aliyechelewa, maana hung'aa bila brashi. Lakini unachokipaka ni utando unaokauka juu ya ngozi kama varnishi. Tabaka juu ya tabaka, wiki baada ya wiki, utando huo hunenepa, hupasuka kwenye mikunjo, na huziba njia ya krimu. Kiatu kilicholelewa kwa sifongo huhitaji kusafishwa kwa spiriti kwa subira kubwa kabla hakijakubali matibabu haya.

Unga mweusi wa betri kuukuu, uleule ambao shule nyingi zimeupaka kwenye mbao za kuandikia, bado wapo wanaouchanganya na mafuta na kuupaka viatuni. Ni mweusi kweli. Ni mchanganyiko wa kaboni na oksidi ya manganizi, hauyeyuki, haushikamani na nyuzi za ngozi, na hakuna kitu ndani yake cha kuugandisha. Hutoka wote kwenye soksi na mikono, na vumbi lake si la kuvutwa puani, hasa na mtoto anayesaidia kusaga. Kalamu nene ya wino hufaa kwa kikwaruzo kimoja chembamba cha dharura, ila juu ya doa pana wino wake hugeuka zambarau ukipigwa na jua.

Mkoba una masharti yake

Dada mmoja wa hapa mtaani aliniletea mkoba mweusi uliochubuka pembe zote nne na kwenye mshikio, akiwa ameshaupaka kiwi mara nyingi kwa ushauri wa watu. Nguo yake nyeupe ya ibada ilikuwa na alama nyeusi kiunoni. Kiatu hugusa lami na vumbi, lakini mkoba hugusa nguo na mkono unaotoka jasho, na joto la mwili hulainisha nta. Kwa hiyo mkoba haupakwi kiwi kabisa. Pembe zake huandaliwa kwa spiriti na msasa kama kiatu, na rangi ya kupenya hutumika kwa ncha ya kijiti cha pamba, mahali palipochubuka tu, kwa sababu mikoba mingi ina utando mzito wa rangi ambao hauruhusu kitu kupenya kwingineko. Kisha ni krimu kidogo, na kusugua mara mbili ya kiatu, mpaka kitambaa cheupe kikavu kitoke cheupe. Mshikio ndio mgumu zaidi. Jasho la miaka limeshaingia ndani, na nilimwambia dada huyo wazi kwamba pembe zitarudi vizuri ila mshikio utakuwa na weusi uliotulia kuliko mwili wa mkoba. Ndivyo ulivyokuwa. Kwa wiki mbili za kwanza nilimshauri asiubebe na nguo nyeupe.

Mwalimu alivichukua viatu vyake Jumapili usiku, akavigeuza chini ya taa akitafuta kile cha kushoto. Akaniuliza vitadumu muda gani. Doa halitarudi kwa upepo wala kwa joto, nilimjibu, kwa kuwa weusi sasa uko ndani ya nyuzi. Krimu kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu itautunza. Kanyagio la gia ni jambo jingine. Chuma kile kitaendelea kukwangua pale pale, na rangi haijawahi kushinda chuma. Asubuhi iliyofuata tulikata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, urefu wa kidole, tukakivisha kwenye kanyagio na kukifunga kwa waya mwembamba upande wa chini, mahali ambapo kiatu hakifiki.